Kasoro Isiyo na Bei

Ripoti ya ukaguzi wa gari lililotumika humfikia mnunuzi ikiwa na mistari mingi, na karibu kila mnunuzi huanza kwa kuihesabu. Kasoro ishirini na tano zinamtisha, kasoro sita zinampa moyo. Akimaliza kuhesabu anatafuta zile anazozijua kwa jina na kuziona kwa macho: tairi zimekwisha, bampa limekwaruzwa, taa ya nyuma imepasuka, kiti cha dereva kimechanika. Hizo ndizo anazokwenda nazo kwa dalali kuombea punguzo. Kazi ya kusoma ripoti hizi kwa niaba ya wanunuzi imenifundisha kwamba njia hiyo inapindua mambo juu chini. Kasoro ya kumzuia mtu asitoe fedha yake haijulikani kwa wingi wa maneno iliyoandikiwa, wala kwa ubaya wake machoni. Inajulikana kwa swali moja: kabla ya kulipa, tunaweza kusema gharama yake itaishia wapi? Kama tunaweza, hiyo ni hesabu tu, inatolewa kwenye bei na maisha yanaendelea. Kama hatuwezi, mnunuzi hanunui gari peke yake, ananunua pia deni ambalo kiasi chake hakijaandikwa popote.

Ili hoja hii isibaki hewani, nichukue gari la mfano lenye mambo yanayojirudia sana katika ripoti za Dar es Salaam. Ni Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2010, injini ya 1NZ-FE ya sisi 1,500, giaboksi ya CVT, namba D, imetumika hapa nchini kwa miaka kadhaa. Tuseme muuzaji anataka shilingi milioni 16. Ripoti ya gereji inasema hivi: shokapu mbili za mbele zinavuja, brekipedi za mbele zimebaki nyembamba, bushi za mbele zimekatika, maunti moja ya injini imechoka, tairi mbili zimekwisha. Fenda ya mbele kulia na mlango wa mbele kulia vimepigwa rangi upya. Rejeta ni mpya. Kwenye rejeta mna maji ya kawaida yenye rangi ya kutu. Injini ikiwa imekwishaendeshwa, joto lake kwenye mashine ni nyuzi 66. Kompresheni ya silinda ya kwanza ni 190, ya pili 150, ya tatu 148, ya nne 188, zote kwa psi. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari haikukuta hitilafu yoyote. Mnunuzi akisoma orodha hii, macho yake yanakwama kwenye rangi, kwa sababu rangi mpya maana yake gari liligongwa, kisha kwenye shokapu na tairi, kwa sababu ndizo zinazodai fedha mara moja. Anaposoma “rejeta mpya” anafurahi. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipopaswa kusimama.

Tuanze na zile zenye bei, kwa kuwa hazihitaji maneno mengi. Shokapu, brekipedi, bushi, maunti na tairi ni vitu vinavyoisha, na vimetengenezwa ili viishe. Kwa Fielder, vipuri hivi vimejaa madukani Ilala na Kariakoo, na fundi yeyote mzoefu anaweza kutaja bei ya kila kimoja pamoja na ufundi kabla hajashika spana. Tuseme jumla yake ni shilingi milioni 1.7. Si fedha ndogo, lakini ina mwisho. Ukibadilisha shokapu na kumbe hazikuwa na shida, umepoteza bei ya shokapu, basi. Haziwezi kugeuka zikawa ugonjwa mwingine mkubwa kuliko zenyewe. Brekipedi kwa usalama ni jambo la haraka na gari lisitoke yadi bila kubadilishiwa, lakini uharaka wa kutengeneza ni kitu kimoja, na uzito katika uamuzi wa kununua ni kitu kingine. Ripoti nyingi huchanganya hayo mawili kwa kuandika “hatari” kwa wino mwekundu kwenye brekipedi za bei nafuu, huku kompresheni ikikaa katikati ya ukurasa kwa wino wa kawaida.

Sasa tuisome ripoti ile ile kwa kuunganisha mistari iliyoandikwa mbali mbali. Injini ya 1NZ-FE ina themostati inayoanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hivi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto lake. Kwa hiyo gari lililokwishaendeshwa vya kutosha halitakiwi kusoma 66, hasa katika joto la Dar es Salaam. Likisoma hivyo, maelezo ya kwanza ya kufikiria ni mawili: themostati imekwama wazi, au imetolewa. Mafundi wengi huitoa gari linapochemsha, kwa imani kwamba maji yakizunguka bila kizuizi injini itapoa. Joto dogo ambalo mnunuzi analiona kuwa ni afya ya injini linaweza basi kuwa alama ya dawa iliyotolewa kwa ugonjwa wa kuchemsha. Ongeza rejeta mpya: rejeta haibadilishwi kwa mapambo. Ongeza maji ya bomba yenye kutu: kulenti ya rangi iliisha au ilimwagika, na aliyekuwa na gari alizoea kuongeza maji tu. Kila mstari peke yake una maelezo ya kawaida yasiyo na madhara. Ikikaa pamoja, inaeleza gari lililowahi kuchemsha, tena pengine si mara moja.

Mstari wa kompresheni ndio unaosema kuchemsha huko kuliacha nini. Kipimo cha Toyota kwa injini hii ni karibu 213 psi ikiwa mpya, isishuke chini ya 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Injini iliyochakaa kwa umri hushuka kwa pamoja. Silinda zote nne zingesoma 170 au 165, nami nisingeshtuka. Hapa mbili za pembeni zina afya na mbili za katikati, zilizopakana, zimeanguka pamoja hadi chini ya kiwango. Silinda ya pili na ya tatu zinatenganishwa na ukanda mwembamba wa gasketi ya silinda hedi, na ukanda huo ukiungua, kila moja huvujisha mgandamizo wake kwa mwenzake. Fundi makini hudondosha oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kikibaki pale pale, kinachovuja ni valvu au gasketi. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotafuta kwenye ripoti ni kama kipimo hicho cha pili kilifanyika, na kama cha kwanza kilifanyika ipasavyo: injini ya moto, plagi zote zimetolewa, betri ina nguvu, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Betri dhaifu hushusha namba zote, lakini haiwezi kuzishusha za katikati mbili ikaziacha za pembeni. Ndiyo maana tofauti kati ya silinda ina ushahidi mkubwa kuliko namba yenyewe, na ndiyo maana ripoti inayosema “kompresheni nzuri” bila namba nne haijasema kitu.

Huu ndio mfano halisi wa kasoro isiyo na bei. Ukimwuliza fundi gharama ya gasketi ya silinda hedi atakutajia, na bei hiyo haitakutisha. Lakini hedi ya aluminiamu iliyopata joto kupita kiasi hupinda, na upindaji unaoruhusiwa ni mdogo kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita. Haiwezekani kuupima hedi ikiwa imefungwa. Ikifunguliwa, huenda ikatosha kuisawazisha kwa mashine. Huenda ikakutwa na ufa kati ya valvu. Huenda uso wa bloku nao umepinda, na hapo fundi atakuambia bora injini nyingine. Injini nyingine ni ya mtumba, haina ripoti, na ina namba tofauti na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, jambo linalokudai kwenda kurekebisha kumbukumbu za usajili. Tuseme njia nyepesi ni shilingi milioni moja na njia nzito ni milioni tatu na nusu. Mnunuzi hajui yuko kwenye njia ipi, na muuzaji hana haraka ya kumsaidia ajue. Anamwambia, “Nakupunguzia laki tano, kaka, utaweka gasketi.” Punguzo hilo limekadiriwa kwa njia nyepesi na hata hiyo halijaimaliza. Mzigo wote wa njia nzito umehamia kwa mnunuzi.

Kuna njia ya kuipatia kasoro hii bei, nayo ni kupima zaidi kabla ya kulipa. Kifaa chenye maji ya bluu huwekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Gesi ya mwako ikiwa imepenya kwenye maji, rangi hugeuka manjano. Mnunuzi anatakiwa kujua ukomo wa kipimo hicho: gasketi iliyoungua kati ya silinda mbili tu, bila kufika kwenye njia ya maji, inaweza kuacha bluu ile ile, na muuzaji akasherehekea. Kwa gari letu kipimo kinachofaa zaidi ni kusukuma upepo wa kompresa ndani ya silinda ya pili valvu zake zikiwa zimefungwa, kisha kusikiliza kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu. Upepo ukitokea huko, gasketi imehukumiwa. Ukisikika kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa, ni valvu. Ukisikika kwenye mdomo wa kuwekea oili, ni ringi. Baada ya hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya yakiwa na msingi. Muuzaji akikataa kipimo hicho, mnunuzi achukue bei ya njia nzito ndiyo bei ya kasoro, kwa sababu hana sababu yoyote ya kuamini vinginevyo.

Rangi nayo inahitaji kusomwa kwa swali lile lile, na hapa jibu linakwenda upande ambao wengi hawautarajii. Kipimo cha unene wa rangi kwenye paa la gari letu kinasoma maikroni 105, yaani rangi ya kiwandani. Fenda inasoma 450 na mlango 380, dalili ya rangi ya juu na puti kidogo. Nguzo ya mbele inayobeba kioo inasoma 110, na nguzo ya kati 115. Maana yake ni kwamba kipigo kiliishia kwenye vipande vinavyofungwa kwa boliti na bawaba, hakikufika kwenye mifupa iliyochomelewa. Fenda na mlango vinaweza kubadilishwa siku yoyote kwa bei inayojulikana. Kama nguzo ingesoma 600, au kama kwenye chumba cha injini vile vyuma viwili virefu vinavyobeba injini vingekuwa na mikunjo au alama mpya za kuchomelea, ushauri wangu ungekuwa tofauti kabisa hata kama macho hayaoni kitu. Vyuma vile vimeundwa vikunjike kwa mpangilio katika ajali, na nguzo zimeundwa zisikunjike, ili nguvu isimfikie abiria, na mifupa hiyo ikishanyooshwa hakuna kipimo cha gereji kinachoweza kusema itahimili vipi mara ya pili. Karatasi ya alaimenti husaidia hapa: ekseli ya nyuma ya Fielder isiyo ya fowili ni boriti moja isiyorekebishwa pembe zake kama tairi za mbele, kwa hiyo tairi la nyuma lililotoka nje ya kiwango linaonyesha boriti au bodi iliyopinda. Katika gari letu yote yako ndani ya kiwango. Gari limegongwa, ndiyo, na kugongwa huko si sababu ya kuliacha.

Kundi la tatu ni kimya cha ripoti, yaani mambo yaliyoandikwa kuwa mazuri kwa sababu hayakupata nafasi ya kujitokeza. “Hakuna hitilafu kwenye kompyuta” ni sentensi inayowatuliza wengi, lakini hitilafu hufutwa kwa kubonyeza mara moja. Mashine nyingi zina mstari unaosomeka hivi:

```
Distance since codes cleared: 9 km
```

Kilomita 9 zinaeleza kwamba kumbukumbu ilifutwa, au betri ilitolewa, muda mfupi kabla ya ukaguzi. Huenda kuna sababu njema, lakini majibu ya mashine kwa siku hiyo hayana uzito. Dawa yake ni kuliendesha gari kwa muda, barabara kuu na foleni, kisha kusoma upya. Taa ya eabegi nayo husomwa vibaya. Taa nzima huwaka ukifungua swichi, kisha huzima yenyewe baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa haimaanishi mfumo mzima. Inawezekana balbu imetolewa ili kuficha kwamba eabegi zilikwishafunguka. CVT pia haijakaguliwa kama fundi aliizungusha ndani ya yadi tu. Inatakiwa ipate moto, ipande kilima kama cha Kimara au Mbezi, na aangalie kama gari linatetemeka likianza kuondoka au mshale wa mzunguko wa injini unapanda huku mwendo ukibaki pale pale. Ndani yake mna mkanda wa chuma na puli, na zikishalika, wengi hapa huishia kuweka giaboksi nyingine ya mtumba. Kwa hiyo kila penye neno “haikupimwa” kwenye injini, giaboksi, mifupa ya bodi au eabegi, mnunuzi asome kana kwamba imeandikwa kasoro isiyo na bei, hadi ipimwe.

Najua wapo watakaosema kwamba fundi mzuri anatengeneza chochote, na gasketi za silinda hedi zinawekwa kila siku. Ni kweli, na mimi sisemi gari hilo haliponi. Ninachouliza ni nani analipia kutojua. Muuzaji amekaa na gari, anajua kama lilichemsha, anajua nani alitoa themostati. Mnunuzi hajui hata moja. Haki ya mambo ni kwamba mwenye kujua ndiye abebe mzigo, ama kwa kuruhusu kipimo, ama kwa kupunguza bei kana kwamba ubaya wote upo. Wengine watasema gari lilijaribiwa na likaenda vizuri. Mzunguko wa dakika kumi katika gari lisilo na themostati ndio hasa mzunguko ambao halitachemsha, na injini yenye silinda mbili dhaifu bado huwaka na kuvuta mtu mmoja kwenye barabara tambarare. Jaribio fupi linapima kile ambacho muuzaji amekwisha kukiandaa.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba ukali huu utamfanya mtu asinunue gari maishani, maana kila gari la bei ya watu wa kawaida lina kasoro. Naliheshimu, kwa sababu mnunuzi mwenye milioni 16 hana uwezo wa kuagiza jingine kila akikuta doa. Lakini utaratibu huu haumwongezei woga, unamhamishia woga mahali panapostahili. Unamruhusu akubali gari lenye kasoro ishirini, lililogongwa fenda, lenye shokapu zinazovuja na kiti kilichochanika, mradi zote zina bei na jumla yake imetoka kwenye malipo. Unamzuia kwenye mambo machache tu. Anayehesabu mistari ndiye atakayeliacha gari zima lenye orodha ndefu na kununua lenye orodha fupi na kompresheni isiyopimwa.

Kwa hiyo mnunuzi wa Fielder hii ningempa ushauri kwa mpangilio huu, kwa maandishi, ili akutane na muuzaji akiwa nao mkononi. Kwanza: usilipe hata kishika uchumba kabla ya kipimo cha upepo kwenye silinda ya pili na ya tatu, kwa sababu kompresheni, joto la nyuzi 66, rejeta mpya na maji ya kutu vyote vinaelekeza kwenye gasketi iliyoungua baada ya kuchemsha. Pili: kompyuta isomwe upya baada ya mwendo wa kutosha, na giaboksi ijaribiwe ikiwa ya moto. Tatu: rangi ya fenda na mlango isikushughulishe, mifupa ya bodi ni mizima. Nne: shokapu, brekipedi, bushi, maunti na tairi ni milioni 1.7, ziondoe kwenye bei. Vipimo viwili vya kwanza vikitoka safi, gari hili lina thamani ya milioni 14.3 kwako. Gasketi ikithibitika na muuzaji hataki ifunguliwe kabla ya mauzo, toa milioni tatu na nusu nyingine. Ubaki na 10.8, na asipoikubali usiongeze. Atakuambia kuna mtu mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Mwache aje, deni lililomo ndani ya injini hiyo halijapungua kwa sababu mtu mwingine yuko tayari kulichukua bila kulisoma.